Taarifa za Mgonjwa Zinapofika kwa "Washirika Wetu": Kanuni za Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Maana ya Ridhaa

Katika fomu nyingi za usajili, na katika sera za faragha za programu za simu, imo sentensi ambayo wasomaji huipita upesi: "Tunaweza kutoa taarifa zako kwa washirika wetu ili kuboresha huduma." Sentensi hiyo haisemi ni taarifa zipi, haiwataji washirika, wala haielezi huduma inayoboreshwa ni ya nani. Hata hivyo, huenda ndiyo itakayoamua kama jina la dawa aliyoinunua mgonjwa asubuhi litabaki kati yake na mfamasia, au litafika jioni kwa mtu asiyemjua.

Makala haya yanachambua sentensi hiyo. Tutaanza na kisa cha kweli kilichotokea Marekani, ambacho hati zake ziko wazi kwa umma. Kisha tutazitumia kanuni za ulinzi wa taarifa binafsi kwa kampuni ya mfano ya nchini mwetu. Mwisho tutaeleza ridhaa inayokidhi sheria ikoje na jinsi ya kuitambua isiyokidhi.

Kisa cha kuponi za dawa

GoodRx ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2011. Kazi yake ni kumsaidia mtu kulinganisha bei za dawa katika maduka mbalimbali na kumpa kuponi ya punguzo la bei. Mteja hutafuta dawa kwa jina, huchukua kuponi, huionyesha dukani, na hulipa bei nafuu. Baada ya mauzo, taarifa kwamba kuponi imetumika hurudi kwenye kampuni. Hivyo kampuni haijui tu kile mteja alichokitafuta, bali pia kile alichokinunua.

Mhudumu wa afya atatambua mara moja uzito wa kumbukumbu za namna hiyo. Hakuna mahali mteja anapoandika ugonjwa wake, lakini dawa huutaja kwa niaba yake. Anayenunua metformini kila mwezi amekwisha kusema kwamba huenda ana kisukari, na anayenunua dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi amesema zaidi ya hapo.

Kampuni iliwaahidi wateja wake kwamba haitawapa watangazaji wa biashara taarifa inayofichua hali ya afya ya mtu. Tarehe 1 Februari 2023, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba imeichukulia hatua kampuni hiyo kwa kuivunja ahadi. Kwa mujibu wa madai ya Tume, taarifa zilitoka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza haikuonekana kwa macho. Ndani ya kurasa za kampuni kulikuwa na vipande vidogo vya programu vilivyotolewa na kampuni za matangazo, zikiwemo Facebook na Google. Mteja alipofungua ukurasa wa dawa fulani, kipande hicho kilituma habari kwa kampuni ya matangazo pamoja na alama za kumtambulisha mteja au kifaa chake. Mteja aliona ukurasa mmoja tu, kumbe waliokuwa wakiutazama pamoja naye walikuwa wengi.

Njia ya pili ilikuwa kazi ya mikono ya watu. Mwezi Agosti 2019, kampuni ilitengeneza orodha za wateja walionunua dawa fulani, zikiwemo za maradhi ya moyo na shinikizo la damu. Ikapeleka Facebook anwani zao za barua pepe, namba zao za simu na vitambulishi vya matangazo vya simu zao, ili wateja hao watafutwe katika mtandao huo na kuonyeshwa matangazo yanayohusu afya.

Kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 bila kukiri kosa. Ilizuiwa kutoa taarifa za afya za wateja kwa ajili ya matangazo. Kwa madhumuni mengine ilitakiwa ipate kwanza ridhaa ya wazi ya mteja, na iwaagize waliokwisha kupokea taarifa hizo wazifute.

Mambo mawili katika kisa hiki yanastahili kukumbukwa. La kwanza ni kwamba hapakuwa na mwizi. Hakuna aliyevunja nywila wala kuingia kwenye kompyuta usiku. Hata hivyo, Tume ilitumia kanuni inayohusu uvujaji wa taarifa za afya, iliyotungwa mwaka 2009, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuitumia. Msimamo wake ulikuwa kwamba kutoa taarifa pasipo idhini ya mwenyewe ni uvujaji, hata kama anayezitoa ni yule aliyekabidhiwa kuzitunza. La pili ni kwamba taarifa za mteja zilitoka katika kampuni ya kuponi, isiyo hospitali. Sheria za usiri zilizozoeleka hospitalini hazifiki kila mahali taarifa za afya zinapokwenda, na hiyo ndiyo sababu nchi nyingi zimetunga sheria za jumla za ulinzi wa taarifa binafsi.

Kanuni ya kusudi

Nchini Tanzania, sheria hiyo ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake, Namba 24 ya mwaka 2019, inayosimamiwa na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria hizi mbili zinatofautiana katika vipengele, lakini zinatokana na kanuni zinazofanana: taarifa zikusanywe kwa haki na uwazi, zikusanywe kwa kusudi mahususi na halali, zisizidi zinazohitajika, ziwe sahihi, zisitunzwe kupita muda unaohitajika, na zilindwe.

Kwa suala la kampuni na washirika wake, kanuni iliyo mzizi wa nyingine ni ya kusudi. Taarifa iliyotolewa kwa jambo moja haiwi mali ya aliyeipokea hata aitumie kwa lolote atakalo. Mgonjwa anapompa mpokezi namba yake ya simu ili akumbushwe siku ya kliniki, ameifungua kwa ajili ya kukumbushwa tu. Akipigiwa na muuzaji wa virutubisho, namba ni ile ile lakini kusudi ni jingine, na kusudi hilo jipya linahitaji msingi wake wa kisheria.

Mkusanyaji hujitetea mara nyingi kwa kusema, "Lakini taarifa hizi tulipewa kihalali." Utetezi huo unajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Uhalali wa kupokea ni jambo moja, na uhalali wa kutumia kwa kusudi la pili ni jambo jingine. Kampuni ya kuponi ilizipata namba za simu kihalali. Kosa lilikuwa katika safari iliyofuata.

Mshirika ni nani?

Tuchukue sasa kampuni ya mfano. Tuseme ipo Dar es Salaam, na huendesha programu ya simu inayowasaidia wenye shinikizo la damu na kisukari kuagiza dawa zao za kila mwezi. Kwa kila mteja inatunza jina, namba ya simu, mtaa anaoishi, majina na vipimo vya dawa, namba ya kadi ya bima, na vipimo vya shinikizo la damu ambavyo mteja huviingiza mwenyewe. Ina washirika watatu, na katika fomu yake wote wanaitwa kwa neno hilo moja. Tuwatazame mmoja mmoja.

Mshirika wa kwanza ni kampuni inayotuma ujumbe mfupi wa kumkumbusha mteja kuchukua dawa. Huyu hana kusudi lake mwenyewe. Anatenda kile anachoagizwa, kwa niaba ya kampuni. Katika lugha ya sheria ya Tanzania, kampuni ya programu ni mkusanyaji na huyu ni mchakataji. Kumtumia kunaruhusiwa, mradi pawepo mkataba unaomfunga kutofanya lolote nje ya maagizo, kulinda taarifa, na kuzifuta kazi ikiisha. Lakini kanuni ya kutozidisha bado inamhusu. Ili atume ujumbe anahitaji namba ya simu na maneno ya ujumbe. Hahitaji vipimo vya damu wala jina la dawa. Ujumbe wenyewe unatosha kusema, "Tunakukumbusha kuchukua mzigo wako kesho." Tukumbuke kwamba katika familia nyingi simu moja hutumiwa na watu zaidi ya mmoja. Ujumbe unaotaja dawa kwa jina huvujisha siri nyumbani hata kama mtumaji wake ni mwaminifu kabisa.

Mshirika wa pili ni kampuni ya bima inayolipia dawa. Huyu ana kusudi lake, nalo ni kuhakiki madai na kulipa. Mteja analijua kusudi hilo na analitarajia, kwa kuwa ndiye aliyetoa kadi. Anachohitaji bima ni namba ya uanachama, dawa iliyotolewa, kiasi, tarehe na bei. Hahitaji kumbukumbu za vipimo vya shinikizo la damu vya miezi kumi na miwili. Ikipewa vipimo hivyo, itaweza kuvitumia kumpandishia mteja ada mwaka unaofuata, na hapo kulipa madai kumegeuka kuwa kupima hatari ya mteja. Ni kusudi jipya lililoingia kwa mlango wa zamani.

Mshirika wa tatu ni kampuni inayouza chai na virutubisho vinavyodaiwa "kushusha presha". Inataka orodha ya wateja wanaotumia dawa za shinikizo la damu ili iwatangazie bidhaa zake, na iko tayari kulipa kwa kila jina. Huyu si mchakataji, wala hana kusudi ambalo mteja angelitarajia. Kumpa orodha ni kuuza hali ya afya ya mteja. Madhara yake si ya faragha pekee. Mgonjwa anayepokea tangazo kwa jina lake, linaloonekana kutoka kwa watu wanaoijua hali yake, anaweza kuamini kwamba kliniki yake imelibariki, akaacha amlodipini na kushika chai. Mhudumu wa afya atakutana na matokeo yake miezi michache baadaye katika chumba cha dharura.

Mshirika huyu wa tatu ndiye anayefanana na wale wa kisa cha Marekani. Neno "washirika" limewafunika wote watatu kwa kitambaa kimoja, ndiyo maana haliwezi kubeba ridhaa. Mtu hawezi kukubali kile ambacho hakijatenganishwa na kingine.

Kuficha jina si kuondoa utambulisho

Mkurugenzi wa kampuni yetu ya mfano anaweza kujibu, "Hatutatoa majina. Tutatoa namba za simu zilizogeuzwa kuwa msimbo usiosomeka." Jibu hilo hutolewa mara nyingi, na mara nyingi kwa nia njema, kwa hiyo lichunguzwe kwa makini.

Utaratibu unaokusudiwa huitwa hashi. Ni hesabu inayochukua namba ya simu na kutoa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Kutoka kwenye mfululizo huo hakuna njia ya moja kwa moja ya kurudi kwenye namba ya simu. Lakini hesabu hiyo ina tabia moja muhimu: namba ile ile hutoa mfululizo ule ule daima. Kama mpokeaji naye ana namba za simu za watu, atazipitisha kwenye hesabu hiyo hiyo kisha alinganishe. Zinapolingana, amempata mtu. Kinachoitwa kuficha ni njia ya kulinganisha orodha mbili.

Hata asiyekuwa na orodha hakuzuiliki. Namba za simu za mkononi nchini Tanzania, baada ya 255, huwa na tarakimu tisa, na tarakimu ya kwanza ni 6 au 7. Kwa hiyo namba zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kwa binadamu hizo ni nyingi, lakini kompyuta ya kawaida inaweza kuzikokotolea zote hashi katika muda mfupi na kutengeneza jedwali la kufumbulia orodha nzima.

Mfano wake upo. Mwezi Machi 2023, Tume ile ile ya Marekani ilitangaza hatua dhidi ya BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha kwa njia ya mtandao. Kwa mujibu wa madai yake, mwaka 2017 na 2018 kampuni hiyo ilipeleka Facebook orodha zenye anwani za barua pepe zaidi ya milioni 7 za watumiaji na watu waliotembelea huduma hiyo, na zaidi ya milioni 4 kati yao wakatambuliwa katika mtandao huo. Anwani zilikuwa zimefanyiwa hashi. Hashi hiyo ingeweza kumchelewesha mwizi wa njiani, lakini haikumficha mtu kwa mpokeaji, kwa kuwa shabaha ya kuzipeleka ilikuwa apatikane. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 7.8, nayo bila kukiri kosa.

Kanuni ya kushika hapa ni nyepesi. Usiulize kama jina limeondolewa. Uliza kama mpokeaji, kwa vitu alivyonavyo, anaweza kumfikia mtu mmoja miongoni mwa wengine. Kama anaweza, hizo bado ni taarifa binafsi, na sheria yote inazihusu.

Ridhaa yenye uzito

Turudi kwa mshirika wa tatu. Je, kampuni inaweza kumpa orodha ikiwa wateja wamekubali? Sheria ya Tanzania inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa binafsi nyeti. Kifungu cha 30 kinakataza kuzichakata bila ridhaa ya maandishi ya mhusika iliyotolewa kabla, na kinampa mhusika haki ya kuiondoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila malipo. Kuna hali za pekee ambapo ridhaa hiyo haihitajiki, ikiwemo uchakataji unaohitajika kwa sababu za kitabibu kwa manufaa ya mhusika chini ya uangalizi wa mtaalamu wa afya. Daktari anayesoma jalada ili amtibu mgonjwa aliye mbele yake hahitaji fomu mpya kila asubuhi. Lakini kuuza virutubisho si tiba, na mlango huo haumfungukii mfanyabiashara.

Basi ridhaa inahitajika. Tutazame jinsi inavyoombwa mara nyingi. Mteja amefika kaunta, foleni ni ndefu, na mpokezi anamwambia, "Mama, weka saini hapa, ni utaratibu tu." Karatasi inasomeka hivi:

"Nakubali masharti ya huduma na naruhusu kampuni kutumia na kutoa taarifa zangu kwa washirika wake kwa madhumuni mbalimbali."

Saini imepatikana, lakini ridhaa haikupatikana, kwa sababu nne. Haikuwa mahususi, kwa kuwa "madhumuni mbalimbali" si kusudi. Haikuwa na ufahamu, kwa kuwa washirika hawakutajwa na mteja hakuelezwa. Haikuwa huru, kwa kuwa imefungwa pamoja na masharti ya kupata dawa, na asiyetia saini haondoki na dawa. Na haikuwa tendo la wazi la kukubali jambo hilo, kwa kuwa kukubali huduma na kukubali taarifa kutolewa kumewekwa chini ya saini moja. Sheria ya Kenya inaongeza jambo lenye manufaa katika kifungu chake cha 32: mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa ni wa mkusanyaji, na katika kupima kama ilitolewa kwa hiari, huangaliwa kama huduma ilifungwa kwenye ridhaa isiyohitajika kwa huduma hiyo.

Sasa tuiandike upya karatasi hiyo. Sehemu ya huduma inabaki peke yake, na chini yake linakuja ombi lililotengwa:

"Tunaomba ruhusa ya kuipa kampuni (jina lake liandikwe hapa) namba yako ya simu, pamoja na taarifa kwamba unatumia dawa za shinikizo la damu, ili ikutumie matangazo ya bidhaa zake. Kampuni yetu italipwa kwa kufanya hivyo. Bidhaa hizo si sehemu ya matibabu yako. Ukikataa, utaendelea kupata dawa zako kwa bei ile ile. Ukikubali, unaweza kubadili mawazo wakati wowote kwa kupiga namba hii au kumwambia mhudumu yeyote. Ruhusa hii itakoma baada ya miezi sita."

Kisha viwepo visanduku viwili vitupu, "Nakubali" na "Sikubali", na kisiwepo chochote kilichokwisha kutiwa alama. Kwa asiyesoma, maneno hayo asomewe kwa lugha anayoielewa, na aliyemsomea aandike jina lake.

Msomaji atasema kwamba kwa karatasi ya namna hiyo ni wachache watakaokubali. Huenda ni kweli. Lakini ikiwa watu wanakubali pale tu wasipoelewa, basi hawakuwa wamekubali. Pia ieleweke kwamba ridhaa haisafishi kila kitu. Hata mteja akikubali, kampuni hairuhusiwi kutoa zaidi ya kilichotajwa, na mfamasia au muuguzi anayeitumikia hafunguliwi kutoka katika maadili ya taaluma yake iwapo anajua kwamba tangazo litamshawishi mgonjwa aache dawa.

Ridhaa inapoondolewa

Kipimo cha kweli cha mfumo wowote wa ridhaa huja siku mtu anaposema, "Nimebadili mawazo." Tuseme mteja wetu, baada ya miezi miwili, amechoshwa na matangazo. Anampigia mpokezi. Nini kifuate?

Kwanza, kampuni iandike tarehe na saa ya ombi, na iache kutoa taarifa zake kuanzia hapo. Pili, imjulishe aliyezipokea aache kuzitumia na azifute, kisha idai uthibitisho wa maandishi. Tatu, imjibu mteja kwa maneno mafupi ikimweleza kilichofanyika. Hatua ya pili ndiyo inayokwama mara nyingi, kwa sababu inahitaji kampuni ijue ni nani alipewa nini na lini. Ikiwa orodha zilitumwa kama faili lililoambatishwa kwenye barua pepe ya mfanyakazi, hakuna ajuaye nakala ngapi zipo. Dawa yake ni daftari la utoaji taarifa, la karatasi au la kompyuta, lenye safu tano: tarehe, mpokeaji, taarifa zilizotolewa, kusudi, na msingi wa kisheria. Kampuni isiyoweza kuonyesha daftari hilo haiwezi kutekeleza haki ya kuondoa ridhaa hata ikitaka.

Hapa tuseme ukweli ambao mteja anastahili kuusikia kabla ya kutia saini: kuondoa ridhaa huzuia matumizi ya kesho, lakini hakurudishi yaliyokwisha kutendeka jana. Namba iliyokwisha kunakiliwa katika orodha ya tatu na ya nne ni vigumu kuifuatilia. Kwa hiyo ulinzi wenye nguvu kuliko wote hupatikana kabla ya taarifa kutoka.

Namna ya kutambua na la kufanya

Mgonjwa anaweza kushuku kwamba taarifa zake zimetoka endapo atapigiwa au kuandikiwa na mtu asiyemfahamu anayejua jina lake pamoja na ugonjwa au dawa yake, hasa muda mfupi baada ya kutembelea kliniki au kutumia programu. Asifute ujumbe huo. Autunze pamoja na namba na tarehe. Kisha aiandikie kampuni au kituo akiuliza mambo matatu: mnatunza taarifa zangu zipi, mmempa nani, na kwa kusudi gani. Hiyo ni haki yake kisheria. Vilevile ana haki ya kutaka taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Asiporidhika na jibu, au asipojibiwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini Tanzania, au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya.

Mhudumu wa afya kwa kawaida huwa upande wa pili wa kaunta. Anaweza kuombwa na mfanyabiashara amtolee "orodha tu ya namba, bila majina", au akaagizwa na msimamizi awasainishe wagonjwa fomu asiyoielewa. Kabla ya kutoa chochote, amuulize anayeomba: kusudi ni lipi, na je, mgonjwa aliambiwa? Ni taarifa zipi chache zinazotosha kwa kusudi hilo? Tuna mkataba nawe, au ridhaa ya maandishi ya kila mhusika? Na mgonjwa akikataa kesho, utazifutaje? Asiyeweza kujibu maswali hayo kwa sentensi zilizo wazi hajawa tayari kupokea taarifa, na kumkatalia hakuhitaji ugomvi. Mhudumu amwelekeze kwa afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi wa kituo, na aliandike ombi hilo hata kama limekataliwa.

Mwisho, msimamizi wa kituo kinachotumia programu ya kampuni ya nje anaweza kuanza na zoezi dogo wiki hii. Achukue fomu ya usajili, atafute neno "washirika", na alifute. Mahali pake aandike majina ya wanaopokea taarifa, na mbele ya kila jina aandike taarifa anazopewa na kusudi lake. Palipo na jina ambalo hana la kuandika mbele yake, hapo ndipo taarifa za wagonjwa wake zinapotoka bila sababu.